Saa za kwanza mikononi mwa polisi: aseme nini, anyamaze wapi

*"Mdogo wangu ni mvuvi hapa Malindi. Miezi miwili iliyopita alinunua mashine ya boti kwa mtu, nusu akalipa kwa M-Pesa, nusu taslimu. Ijumaa saa kumi na moja jioni askari wawili wasio na sare walimkamata pwani, wakasema mashine ni ya wizi. Kwa kuwa hana la kuficha, njiani aliwaeleza kila kitu, mpaka kwamba hata yeye alishangaa bei ilivyokuwa rahisi. Kituoni akatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma. Sisi tulijua mwisho ni saa 24, lakini alilala ndani hadi Jumapili, tukatoa elfu kumi bila risiti ndipo akatoka. Ameambiwa arudi Alhamisi. Alipaswa kufanya nini na kusema nini saa zile za kwanza? Na sasa tufanyeje?"*

Dada yangu, pole. Katika yote uliyoeleza, lililonishtua zaidi si zile siku mbili wala zile elfu kumi. Ni ile sentensi ya njiani, kwamba alishangaa bei ilivyokuwa rahisi. Niruhusu nianzie hapo, maana ukielewa kwa nini sentensi ile ni nzito utaelewa karibu kila kitu kingine kuhusu saa za kwanza.

Kosa ambalo huenda atashtakiwa nalo, ikiwa atashtakiwa, ni kupokea mali ya wizi. Liko kwenye kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kupatikana na mashine hakutoshi kulithibitisha. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe pia kwamba aliyekuwa nayo alijua ni ya wizi, au alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mashine wanayo, na mwenyewe mwenye kuibiwa wanaye. Kilichobaki ni kilichokuwa kichwani mwa mdogo wako siku aliponunua, na hakuna shahidi anayeweza kuingia kichwani mwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango. Moyoni mwake alikuwa akisema, "Mimi ni mtu mkweli, tazameni, sifichi hata hili." Masikioni mwa mpelelezi ikawa, "Nilishuku, lakini nikanunua."

Ndiyo maana huwa sikubaliani na watu wanaosema kwamba asiye na hatia hana haja ya kunyamaza. Kwa miaka niliyofanya kazi ya uwakili hapa Pwani, wateja niliowaona wakijiumiza kwa maneno yao ni wale wasio na hatia kuliko wenye hatia. Mwizi mzoefu hunyamaza. Mtu safi huongea, na huongea akiwa na hofu, pengine hajala tangu asubuhi, akitaka tu aachiliwe arudi nyumbani. Atakisia tarehe asiyoikumbuka vizuri. Atasema "hapana" kwa jambo dogo ambalo baadaye M-Pesa itaonyesha ni "ndiyo". Si muongo, lakini mbele ya hakimu ataonekana muongo.

Sasa, alipaswa kusema nini? Machache sana, na kwa adabu. Watu wawili wasio na sare wanapokushika, jambo la kwanza ni kuuliza: "Samahani afande, wewe ni nani, unatoka kituo gani, na ninakamatwa kwa kosa gani?" Hilo si jeuri. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema anayekamatwa lazima aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza, na yatakayofuata asiponyamaza. Askari asiye na sare hana budi kujitambulisha na kuonyesha kitambulisho chake cha kazi. Uliza mara moja au mbili, kwa sauti ya kawaida, ili na wenzako walioko pwani wasikie ni kituo gani unapelekwa. Akikataa kujibu, usipigane naye. Kumpinga au kumzuia askari aliye kazini ni kosa jingine peke yake, linaloweza kukufunga hadi miaka mitano, na huwa jepesi kulithibitisha kuliko lile la kwanza. Nimeona kesi ambayo shtaka la asili lilianguka, mtu akabaki na lile la kumsukuma askari. Ukiwa umeonewa, uonevu huo hutengenezwa mahakamani, hautengenezwi pale mchangani.

Akishafika kituoni, ataje jina lake la kweli, anapoishi, na namba ya kitambulisho. Asidanganye katika hayo, na asigome kutoa alama za vidole. Kunyamaza kunahusu tukio lenyewe, hakuhusu jina lako. Baada ya hapo atamke sentensi moja, na ikibidi airudie mara kumi: "Afande, nimekusikia. Sitasema lolote kuhusu jambo hili mpaka nizungumze na wakili wangu, na naomba nimpigie simu mtu wa nyumbani." Asiongeze "kwa sababu" yoyote. Ukianza kueleza kwa nini hutaki kuongea, tayari umeanza kuongea.

Kuna mitego inayokuja baada ya hapo, na haiji kwa ukali. Mara nyingi huja na kikombe cha chai. Afisa wa kwanza amefoka, wa pili anakaa karibu nawe, anakuuliza habari za bahari, kama kusi imeanza, samaki wako bei gani siku hizi, kisha: "Sasa ndugu yangu, hii mashine ilikuwaje? Hapa ni mimi na wewe, siandiki." Kutoandika hakufuti kusikia. Au anasema, "Mwenzako amekutaja, afadhali na wewe utoe yako." Au, "Eleza tu, usiku huu ulale kwako." Jibu ni lile lile moja. Na simu yake ikiombwa, awape wakiitaka kama kielelezo, lakini namba ya siri asiwape kabla ya kuongea na wakili. Yaliyomo ndani ya simu ni faragha yake, na kwa kawaida polisi wanaotaka kuyafungua huenda kuomba amri ya mahakama.

Watu wengi huniuliza: je, nikinyamaza si nitaonekana mwenye hatia? Askari anaweza kukuona hivyo, sikatai. Pengine atakasirika, na pengine utalala ndani usiku ambao ungelala kwako. Gharama hiyo ipo. Ila kisheria kunyamaza mbele ya polisi si kukiri, na hakimu hawezi kukutia hatiani kwa sababu ulinyamaza kituoni.

Lakini kwa kesi ya aina hii sitakuacha na nusu ya ukweli. Mtu anapopatikana na mali iliyoibiwa muda si mrefu uliopita, mahakama zetu humtazamia aeleze aliipataje. Asipotoa maelezo yoyote mpaka mwisho wa kesi, hakimu anaruhusiwa kukisia kwamba ni mwizi au ni mpokeaji. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kesi ya mdogo wako usingekuwa "nyamaza mpaka kesi iishe". Ungekuwa: nyamaza usiku ule wa Ijumaa, kisha maelezo yatoke kwa utulivu, yakiwa yameandikwa, wakili akiwa kando yako, na ushahidi ukiwa umeambatishwa. Maelezo yale yale ya ununuzi yaliyotolewa Jumamosi asubuhi pamoja na ujumbe wa M-Pesa, jina la muuzaji na shahidi aliyekuwepo, ni ngao. Yakitolewa ndani ya gari Ijumaa jioni, yakichanganywa na "nilishangaa bei", ni mkuki. Habari ni ile ile. Kilichobadilika ni saa, mahali, na nani yuko karibu.

Upande mwingine wa mizani ni kwamba kuna ushahidi unaooza haraka. Muuzaji hubadilisha laini. Kamera ya dukani hufuta picha zake baada ya siku chache. Shahidi husafiri. Ndiyo maana namwambia mtu anyamaze yeye, lakini familia isinyamaze. Wakati yuko ndani, nyinyi wa nje ndio mnaopaswa kukimbia kuhifadhi vitu hivyo.

Twende kwenye ile karatasi. Uliandika kwamba alitia sahihi bila kusoma, na nadhani unaogopa kwamba amekwisha kukiri. Pumua kidogo, maana sheria hapa inamlinda kuliko watu wanavyodhani. Kwa kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, maneno ya kukiri kosa hayapokelewi mahakamani isipokuwa yametolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo na ambaye cheo chake hakiko chini ya Inspekta, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Mtu huyo wa tatu anaweza kuwa wewe dada yake, wakili, au mzee wa msikitini. Kama aliyeandika karatasi ndiye yule yule aliyemkamata, na hapakuwa na mtu wa upande wake, basi kukiri kokote kulikomo kuna kasoro kubwa, na wakili atapinga kukiri huko. Maneno ya njiani nayo ni hivyo hivyo.

Kwa nini basi nilisema yale maneno ni mazito? Kwa sababu yasipopokelewa kama kukiri, bado yamekwisha kufanya kazi yake. Mpelelezi sasa anajua akatafute nini: akamuulize fundi bei halali ya mashine kama ile, akamlete mahakamani aseme bei aliyolipa mdogo wako ni ya chini mno. Zaidi ya hayo, mabishano ya kama maneno yapokelewe au yasipokelewe huwa kesi ndani ya kesi, yenye kula muda na ada. Afadhali kisu kisiwepo kabisa kuliko kubishana kama kina makali.

Polisi wakitaka kuandika maelezo ya mtuhumiwa, kuna onyo linalotangulia. Kwa maneno ya kawaida husema: si lazima useme chochote isipokuwa ukitaka mwenyewe, lakini utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika kama ushahidi. Watu wengi husikia onyo hilo kama vile abiria anavyosikia kondakta akitaja vituo. Halijawekwa pale kama salamu. Huo ndio mlango wenyewe wa kusema "sitaandika maelezo sasa." Akiamua kuandika, asomewe kwa Kiswahili neno kwa neno, maana mara nyingi maelezo huandikwa kwa Kiingereza huku yeye akiongea Kiswahili, na kati ya lugha hizo mbili "nilishangaa" hugeuka kwa urahisi ikawa "nilishuku". Akiona kosa, alirekebishe na aweke sahihi kando ya rekebisho. Nafasi yoyote tupu mwishoni mwa ukurasa apige mstari kabla ya kusaini. Karatasi ambayo hajasomewa asiisaini, hata akiambiwa ni ya "kutokea" tu. Ana haki ya kukataa, na afisa ataandika kwamba amekataa. Dunia haimalizikii hapo.

Karatasi moja anayopaswa kuisaini kwa furaha, akishaihakiki, ni ile ya vitu vyake. Kabla ya kuingia seli huvuliwa mshipi, simu, pesa, kofia. Kila kitu kiandikwe, pesa zihesabiwe mbele yake, ndipo asaini. Na hapo hapo aulize jina lake limeingizwa kwenye kitabu cha matukio, kile watu wote hukiita OB, kwa namba gani na saa ngapi.

Hiyo namba ya OB ndiyo mliyoikosa nyinyi wa nyumbani, na inanipeleka kwenye saa 24.

Watu husema polisi wakikaa nawe saa 24 lazima wakuachilie. Sivyo Katiba inavyosema. Inasema wakufikishe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Na kama saa 24 zinaishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au katika siku ambayo si ya mahakama, basi mwisho wake ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hesabu ya mdogo wako ni hii. Alikamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zikaishia Jumamosi saa kumi na moja jioni. Jumamosi si siku ya mahakama, wala Jumapili. Kwa hiyo mwisho wa polisi ulikuwa Jumatatu, mahakama inapofunga. Kama Jumatatu ingekuwa sikukuu, ingesogea Jumanne. Kumweka hadi Jumapili peke yake hakukuvunja kipengele hicho, ingawa najua usiku ule mlihisi vingine.

Linganisha na mtu aliyekamatwa Jumatano saa nane mchana. Saa zake 24 zinaishia Alhamisi saa nane, mahakama iko wazi, kwa hiyo kufikia saa hiyo awe ameshafikishwa. Ndiyo maana saa iliyoandikwa kwenye OB ina thamani kubwa hivyo. Nimewahi kukuta mtu aliyeshikwa asubuhi ameandikwa kituoni kama aliyeshikwa usiku, na tofauti hiyo ilimpotezea siku nzima. Saa huanza kuhesabiwa pale uhuru wako ulipokatwa, pwani, si pale jina lilipoandikwa kaunta. Aliyeshuhudia akikamatwa aandike saa hiyo kwenye simu yake hapo hapo, hata kwa kujitumia ujumbe.

Kwa ndugu zetu wa Lamu hili lina uzito wake. Mtu akikamatwa Kiunga au Faza, mahakama iko kisiwani Lamu, kati yao kuna maji na ratiba ya boti. Katiba haikuweka saa za visiwa na saa za bara. Polisi wakichelewa, ni wao wa kumweleza hakimu kwa nini, na mtuhumiwa ana haki ya kumwambia hakimu saa aliyokamatwa. Hata anayeshukiwa ugaidi, jambo ambalo familia nyingi za huko zimelipitia tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, naye ni wa saa hizo hizo 24. Hakimu anaweza kuwaongezea polisi siku za upelelezi, lakini ni hakimu anayeongeza, mtuhumiwa akiwa amesimama mbele yake akionekana kwa macho.

Wikendi basi haina dawa? Inayo. Inaitwa bondi ya polisi. Kwa makosa mengi, ukiondoa mazito kama mauaji, uhaini na wizi wa kutumia nguvu, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia mtu kwa ahadi ya kurudi, bila kusubiri mahakama. Kupokea mali ya wizi kumo katika makosa hayo ya kawaida. Kwa hayo mazito dhamana huombwa kwa hakimu au jaji. Na hapa ndipo familia huliwa. Bondi yenyewe ni bure. Mtu anajaza fomu, mdhamini anasaini, basi. Kuna pia dhamana ya pesa taslimu, ambapo unaweka kiasi fulani, lakini pesa hiyo ni amana inayorudishwa mtu akitimiza ahadi yake, na lazima upewe risiti rasmi ya serikali yenye jina, kiasi na tarehe. Pesa isiyo na risiti haikuwa dhamana, iwe iliitwa ya mafuta, ya chai, au ya kumshukuru mkubwa. Kisheria ni kama haikuwahi kutolewa, na kumpa afisa pesa kisirisiri kunaweza kukugeuza wewe dada mtu kuwa mtuhumiwa wa hongo.

Sikulaumu. Ndugu yako yuko ndani, Jumapili inaingia magharibi, mtu anakwambia elfu kumi zinamaliza jambo. Siku nyingine fanya hivi: mwombe mkuu wa kituo mwenyewe, yule OCS, wala si afisa wa korido. Mwambie, "Naomba bondi kwa ajili ya fulani, namba yake ya OB ni hii. Mimi ni mdhamini, kitambulisho changu hiki." Ikisemwa lazima pesa taslimu, jibu, "Sawa, naomba kiasi kiandikwe na nipewe risiti." Maneno hayo mawili, "kiandikwe" na "risiti", hushusha bei ya mambo mengi. Bondi ikikataliwa kabisa, uliza sababu, iandike pamoja na jina la aliyekukatalia, umpe wakili aiseme mahakamani Jumatatu.

Na kama ungefika kituoni ukaambiwa, "Huyo hatunaye hapa"? Nenda vituo vingine vya karibu, Malindi na Watamu, kila mahali uombe OB iangaliwe. Wakili akienda nawe ni vyema zaidi, kwa sababu kwa wakili huwa vigumu kusema hapana mara ya pili. Ikiwa kila kituo kinakana na kuna watu walioshuhudia akichukuliwa, usisubiri Jumatatu ipite. Kuna ombi la Mahakama Kuu la kuwaamuru polisi wamlete mtu akiwa hai mbele ya jaji, nalo ni haki ambayo Katiba imekataza kuwekewa mipaka. Malindi ina Mahakama Kuu yake, na ndugu, mke au rafiki yeyote anaweza kuliomba kwa niaba ya aliyepotea. Mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa, kama MUHURI na HAKI Africa, yamezoea kesi hizo za Pwani.

Hukutaja kama alipigwa. Kama aliguswa hata kwa kofi, mpeleke hospitali leo hii, aeleze kwa daktari jinsi alivyoumia, mpige picha za alama mchana kwenye mwanga, mkachukue fomu ya P3 ijazwe na daktari. Michubuko hupotea ndani ya wiki moja. Malalamiko dhidi ya askari yanapelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, kwa namba ya bure 1559. Na mtuhumiwa akifikishwa mahakamani na majeraha, neno lake la kwanza kwa hakimu, hata kabla ya kujibu shtaka, liwe hilo. Hakimu anaweza kuamuru atibiwe na yaandikwe.

Kwa aliye chini ya miaka 18 mambo ni tofauti kidogo. Asichanganywe na watu wazima seli moja, na mzazi au mlezi aitwe. Mwanamke naye hupekuliwa na askari wa kike peke yake.

Sasa Alhamisi. Lazima aende. Asipotokea, mmewapa polisi sababu ya kumkamata upya, na safari hii bondi itakuwa ngumu. Lakini asiende peke yake, na asiende kabla ya kukaa na wakili, hata kama ni saa moja tu. Kama pesa ya wakili haipo, muulizie msaada wa kisheria ulioanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au wasaidizi wa sheria walioko mitaani. Mahakamani Malindi wataweza kukuelekeza. Hili ni jambo ambalo maandishi yangu haya hayawezi kulitosheleza, kwa kuwa sijaiona karatasi aliyosaini, na wakili ana haki ya kuomba kujua imeandikwa nini.

Kabla ya kumwona wakili, kaeni naye leo usiku mfanye mambo matatu. Afungue M-Pesa, atafute ule ujumbe wa malipo wa miezi miwili iliyopita, aupige picha na kuutuma kwenye simu yako. Kama aliufuta, taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho inaweza kuombwa, na itaonyesha jina la aliyepokea. Ujumbe huo una nguvu kuliko maneno yoyote, kwa sababu mtu anayenunua kitu akijua ni cha wizi mara chache hulipia kwa njia inayoacha jina na namba. Pili, nani alikuwepo alipokabidhiwa mashine? Kama ni baharia mwenzake au fundi aliyeijaribu, majina yao yaandikwe, na msiwafundishe la kusema, mwambieni tu wakili wapo. Tatu, aandike kwa mkono wake, akimwandikia wakili tu, kila alichowaambia askari ndani ya gari kwa mpangilio, ikiwemo ile sentensi ya bei. Asiipambe wala asiifiche. Pengine bei ilikuwa rahisi kwa sababu mashine ilikuwa na hitilafu, au kwa sababu muuzaji alikuwa akiacha uvuvi. Kama kuna sababu kama hiyo ya kweli, wakili anahitaji kuijua kabla ya mpelelezi kuamua maana ya neno "nilishangaa".

Alhamisi kaunta akiulizwa tena habari za mashine, aseme, "Maelezo yangu yatatoka kwa wakili wangu," kisha akae kitini asubiri. Wewe uwe umesimama pale pale, na saa aliyoingia na saa aliyotoka uziandike.